Kuisoma programu ya mtu mwingine kwa kalamu na karatasi

Programu ninayotaka kuieleza ina mistari kumi na miwili, na aliyeiandika hakuacha maelezo ya aina yoyote. Ni kijana aliyekuwa akisaidia kwenye duka la simu la shangazi yake huko Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, kabla hajaondoka kwenda chuoni mkoani. Kila jioni simu zilizopokelewa dukani, ziwe za kutengenezwa au za kununuliwa, huingizwa kwenye lahajedwali pamoja na namba zake za IMEI, zile zinazotambulisha kila simu. Programu hupitishwa juu ya faili hilo, na kila simu hupata alama ya SAWA au KAGUA. Shangazi mtu alikuwa ameanza kutoiamini. Aliniambia, "Mwanangu, hii kitu siku hizi inasema SAWA hovyo hovyo," lakini hakuweza kunionyesha ni wapi hasa, kwa kuwa alama zilikuwa mamia na yeye ana wateja wa kuhudumia.

Sehemu kubwa ya faili la programu ilikuwa ya kufungua na kuhifadhi data, na haikuwa na utata. Uamuzi wote ulikuwa unafanyika hapa:

```python
def sawa(s):
    t = 0
    k = False
    for c in reversed(s):
        d = int(c)
        if k:
            d = d * 2
            if d > 9:
                d = d - 9
        t = t + d
        k = not k
    return t % 10 == 0
```

Mtu anayeijua Python ataipitia kwa muda mfupi na kusema ameielewa, ingawa mara nyingi atakuwa ameelewa kila mstari peke yake. Kwamba `d = d * 2` inazidisha kwa mbili halina mjadala. Kinachojificha ni kwa nini tarakimu nyingine zizidishwe na nyingine ziachwe, hiyo tisa inayotolewa imetoka wapi, na jumla kuishia na sifuri kunahusiana vipi na simu ya mteja. Majina ya herufi moja moja hayasemi lolote. Jina pekee lenye maana ni `sawa`, na hilo ndilo nililolitilia shaka kuliko mengine, kwa sababu linaeleza alichokitaka mwandishi, na mimi nilikuwa natafuta kile ambacho mashine inakifanya.

Nilichukua kaunta buku, nikachora jedwali lenye safu nne: `c`, `k`, `d` na `t`. Thamani ya `s`, yaani namba inayokaguliwa, haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo niliiandika mara moja juu ya ukurasa na kuiacha. Kabla ya kujaza chochote niliamua jambo ambalo wengi hulipita haraka, kisha jedwali lao linawachanganya, yaani kila thamani isomwe wakati gani. Katika programu hii `k` hutumika katikati ya mzunguko, kwenye `if k`, halafu hugeuzwa mwishoni mwa mzunguko ule ule. Nikiiandika baada ya kugeuzwa, kila mstari wa jedwali utaonyesha `k` ya mzunguko unaofuata mbele ya `d` ya mzunguko huu, na nitakapolitazama jedwali baadaye nitaamini kwamba tarakimu zinazozidishwa ni zile ambazo hazizidishwi. Nikajiwekea sharti: `k` inaandikwa kama ilivyo programu inapofika kwenye `if`, na `d` na `t` zinaandikwa baada ya `t = t + d` kutekelezwa. Sharti hilo nililiandika juu ya jedwali, kwa sababu baada ya nusu ukurasa mtu husahau alichokubaliana na nafsi yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchagua namba ya kuanzia. IMEI ina tarakimu kumi na tano, na sioni sababu ya kuanza na kazi ndefu hivyo wakati bado sijui natafuta nini. Nilitaka namba fupi ambayo hata hivyo itailazimisha programu kupita kila njia iliyomo: iwepo tarakimu ya kuachwa bila kuzidishwa, ya kuzidishwa na kubaki chini ya kumi, na ya kuzidishwa ikavuka tisa. Namba kama 1234 inavutia kwa urahisi wake, lakini haifai hapa. Ukianzia kulia, zinazozidishwa ni 3 na 1, ambazo zinakuwa 6 na 2, kwa hiyo ungemaliza jedwali zima bila kuugusa mstari wa `d = d - 9` hata mara moja, na bado ungejiona umeielewa programu. Nilichagua 3285.

Mzunguko wa kwanza unachukua 5, kwa sababu `reversed` inaanzia kulia. Wakati huo `k` ni `False`, kwa hiyo 5 inabaki 5 na `t` inakuwa 5. Kisha `k` inageuka kuwa `True`. Mzunguko wa pili unachukua 8. Safari hii `if k` inaruhusu kuingia ndani, 8 inakuwa 16, 16 ni zaidi ya 9, inatolewa 9 na kubaki 7, na `t` inapanda kutoka 5 hadi 12. Mizunguko miwili iliyobaki inakwenda vivyo hivyo, na ukurasa wangu ulionekana hivi:

```
s = "3285"

c    k        d          t
5    False    5          5
8    True     16, 7      12
2    False    2          14
3    True     6          20
```

Mwishoni `t` ni 20, baki la kugawanya 20 kwa 10 ni 0, na programu inarudisha `True`. Kwenye mstari wa pili wa jedwali niliacha 16 ionekane, nikaikata kwa kalamu na kuandika 7 pembeni yake. Wapo wanaopenda penseli na raba ili jedwali libaki safi. Mimi naona jedwali lililofutwa limepoteza habari iliyo muhimu, kwa kuwa ile 16 iliyokatwa ndiyo ushahidi kwamba programu ilipita kwenye mstari wa `d - 9`, na pale nisipoona kilichokatwa najua haikupita.

Kuna atakayeuliza kwa nini nijisumbue hivi wakati zipo zana za kuisimamisha programu mstari kwa mstari na kuonyesha kila thamani kwenye skrini, au wakati `print` moja ndani ya kitanzi ingenipa namba hizi hizi. Zana hizo nazitumia kila siku. Tofauti ni kwamba skrini inanipa jibu kabla sijakisia, na nikishaliona jibu huwa nakubali tu kwamba ndivyo linavyopaswa kuwa. Kwenye karatasi hakuna kitakachoandikwa mpaka nikitoe kichwani, na pale ambapo sijui niandike nini, ndipo mahali hasa ambapo sijaielewa programu. Baada ya kumaliza jedwali nililinganisha na `print`. Hapo ndipo mashine inapofaa kuja, kuwa msahihishaji.

Sasa niliweza kwenda kwenye namba kamili. Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliijua IMEI mwaka 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia mwezi Juni na watu wakawa wanabonyeza `*#06#` kuitazama namba ya simu zao. Tarakimu nane za kwanza zinatambulisha aina ya simu, sita zinazofuata ni namba ya simu yenyewe katika aina hiyo, na ya kumi na tano, ile ya mwisho, haielezi chochote kuhusu simu. Inakokotolewa kutokana na zile kumi na nne zilizoitangulia, na programu yetu inaitumia kujua kama namba nzima imeandikwa sawasawa. Nilichukua namba inayotumika sana kama mfano wa IMEI, 490154203237518, nikaifuatilia kutoka kulia. Safu ya `t` ilikwenda hivi:

```
8  10  15  20  23  27  30  30  32  40  45  47  47  56  60
```

Sitini inaishia na sifuri, kwa hiyo jibu ni `True`. Ila tazama 30 inayojirudia, na 47 vilevile. Ni sifuri mbili zilizomo kwenye namba. Kijana anayefanya kazi dukani, aliyekuwa amekaa karibu nami akijaza jedwali lake mwenyewe, alizifikia zile sifuri na kusema, "Kaka, hapa hakuna kinachoongezeka, si naruka tu?" Aliruka ya kwanza, akaendelea, na mwishoni akapata 57 badala ya 60. Sifuri haiongezi kitu kwenye `t`, hilo ni kweli, lakini mzunguko wake unafika mpaka mstari wa mwisho na kuigeuza `k`. Ukiuruka, kila tarakimu inayofuata upande wa kushoto inabadilishana zamu: zilizopaswa kuachwa zinazidishwa, na zilizopaswa kuzidishwa zinaachwa. Tulirudi pamoja kwenye mstari uliorukwa, na safu ya `k` ndiyo iliyotuonyesha, kwa sababu kwenye karatasi yake hapakuwa na pengo lolote upande wa `t`. Mzunguko ambao hauonekani kubadilisha kitu uandikwe hivyo hivyo, mstari wake kamili, `t` ikiwa ile ile.

Hadi hapo nilijua programu inafanya nini, lakini bado sikujua kwa nini imeandikwa hivyo. Njia ninayoiamini kwa swali la pili ni kuuondoa mstari mmoja kwenye karatasi na kufuatilia upya, nione ni kitu gani kinaharibika. Mstari ambao ukiondolewa hakuna kinachobadilika ama hauna kazi, ama kazi yake iko kwenye data ambayo bado sijaijaribu.

Nilianza na `if d > 9` pamoja na mstari ulio chini yake. Nikiviondoa, 8 kwenye zamu ya kuzidishwa inaongeza 16 badala ya 7, na jumla ya 3285 inakuwa 29. Hilo peke yake halifundishi kitu, maana mtoaji wa namba angeweza kuchagua tarakimu nyingine ya mwisho ili jumla iishie na sifuri. Swali lenye maana ni kama programu bila mstari huo ingeweza bado kukamata kosa la anayeingiza namba. Kwa hiyo nilichora jedwali dogo jingine la tarakimu zote kumi: kila moja ikizidishwa inaongeza nini kwenye jumla. Bila kutoa tisa tunapata 0, 2, 4, 6, 8, 10, 12, 14, 16, 18. Kwa kuwa programu inaangalia tarakimu ya mwisho ya jumla peke yake, 10 ni sawa na 0, 12 ni sawa na 2, na kuendelea. Maana yake, kwenye nafasi ya kuzidishwa, anayeandika 5 mahali pa 0 hagunduliki, wala anayeandika 6 mahali pa 1, wala 7 mahali pa 2. Nikirudisha ile tisa, orodha inabadilika:

```
tarakimu    0  1  2  3  4  5  6  7  8  9
inaongeza   0  2  4  6  8  1  3  5  7  9
```

Hakuna inayojirudia. Kila tarakimu ina mchango wake, kwa hiyo kosa la tarakimu moja, katika nafasi yoyote, lazima libadilishe mwisho wa jumla. Nilijaribu kwa 3286, na jumla ikaja 21, ikakataliwa. Hiyo ndiyo kazi ya mistari ile miwili, na nisingeiona kwa kuitazama tu kwenye skrini. Tisa yenyewe ni njia fupi ya kujumlisha tarakimu mbili za namba kama 16: moja na sita ni saba, na 16 kutoa 9 ni saba.

Kuzidisha nako nilikuondoa. Bila `k`, programu inabaki kujumlisha tarakimu zote zilivyo, na kujumlisha hakujali mpangilio. 3285 na 3825 zinatoa jumla moja. `k` ikiwepo, 3825 inatoa 5, kisha 9, kisha 17, kisha 23, na inakataliwa. Kubadilishana kwa tarakimu mbili zinazofuatana ni kosa linalotokea sana kwa mtu anayenakili namba ndefu huku akizungumza na mteja, na zamu za `k` zipo kwa ajili ya kulinasa.

Iliyonishangaza ni `reversed`. Niliiondoa na kuanzia kushoto: 3285 ikaja na 16, ikakataliwa, kwa hiyo ilionekana ina kazi. Nikaiondoa kwenye IMEI ya mfano, jumla ikaja 60 ile ile. Sababu ni urefu. Kwenye tarakimu kumi na tano, ya kwanza kutoka kulia na ya kwanza kutoka kushoto zote zinaangukia zamu ya kuachwa, hivyo zinazozidishwa ni zile zile upande wowote utakaoanzia. Kwenye idadi ya tarakimu inayogawanyika kwa mbili, kama zile kumi na sita za kadi nyingi za benki, zamu zinapishana na upande wa kuanzia una maana. Kwa hiyo `reversed` haikuwekwa kwa ajili ya simu. Kijana aliyeiandika programu hii aliichukua kanuni ya jumla kama ilivyo, na kanuni yenyewe inajulikana: ni ya Hans Peter Luhn, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya IBM, ambaye aliiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Alichokiombea hataza kilikuwa chombo kidogo cha kushikwa mkononi, cha kuhakiki namba bila umeme wala kompyuta, na nakiri nilifurahi kujua hivyo nikiwa na kaunta buku mkononi.

Nilipokuwa na orodha ile ya michango, niliuliza kama kuna mpishano wa tarakimu unaoweza kupita bila kukamatwa. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, moja inatoka kwenye zamu ya kuachwa na kwenda kwenye ya kuzidishwa, na nyingine inafanya kinyume. Kwa hiyo nilitazama tofauti kati ya mchango wa tarakimu ikizidishwa na tarakimu yenyewe. Kwa 1 tofauti ni 1, kwa 2 ni 2, hadi 4. Kwa 5 inashuka kuwa kasoro 4, kwa 6 kasoro 3, na kadhalika. Lakini 0 inabaki 0 na 9 inabaki 9, zote mbili bila tofauti yoyote, ziwe zimezidishwa au hazikuzidishwa. Hizo mbili zikikaa pamoja, programu haiwezi kujua ipi imetangulia. Nikaandika 2907, nikapata 7, 7, 16, 20. Nikaandika 2097, nikapata 7, 16, 16, 20. Zote zinakubaliwa. Hili si kosa la kijana wetu, limo ndani ya kanuni yenyewe, na ni mpishano pekee wa tarakimu mbili jirani unaopita.

Lakini 09 na 90 hazikuweza kuwa chanzo cha malalamiko ya duka. Jambo hilo ni la nadra mno. Nilirudi kwenye daftari na kutafuta data ambayo sikuijaribu, yaani ile ambayo mwandishi wa programu hakuiwaza. Dukani kuna simu zinazoletwa zikiwa zimekufa kabisa, hazionyeshi `*#06#`, na kibandiko cha nyuma kimeshafutika. Kwa simu hizo mpokeaji huacha sehemu ya IMEI wazi. Nikachora jedwali jipya na juu yake nikaandika `s = ""`.

Jedwali hilo ndilo fupi kuliko yote niliyowahi kuchora, kwa kuwa halina mstari hata mmoja. `t` ni 0, `k` ni `False`, kitanzi kinatafuta herufi ya kwanza na hakiioni, programu inarukia mstari wa mwisho. Baki la kugawanya 0 kwa 10 ni 0. Jibu ni `True`. Kila simu isiyo na namba ilikuwa inapewa SAWA.

Baada ya hapo mengine yalijitokeza yenyewe. Mpokeaji mmoja alikuwa na tabia ya kujaza 0000 mahali asipopata namba, na kila mzunguko wa namba hiyo unaiacha `t` kwenye 0 mpaka mwisho. Namba iliyokatika, yenye tarakimu kumi na mbili au kumi na tatu, nayo inaweza kupita, maana hakuna mstari unaouliza urefu. Katika tarakimu kumi zinazoweza kukaa mwisho, kila mara iko moja itakayoifanya jumla iishie na sifuri, hata kama mwanzo wa namba umeandikwa kwa kubahatisha. Simu nyingine huonyesha IMEI ikifuatiwa na mkwaju, yaani alama ya `/`, na tarakimu mbili za toleo la programu. Ukifuatilia hiyo, `c` inapofika kwenye mkwaju, `int(c)` haina cha kurudisha na programu inasimama kwa kosa la `ValueError`. Kwa maoni yangu hilo la kusimama ndilo lililo bora kati ya yote haya, kwa sababu angalau mtu anaambiwa. La kutoa SAWA kwa nafasi tupu halisikiki popote.

Inafaa niseme pia mahali ambapo jedwali la namna hii lingenidanganya. Linafanya kazi hapa kwa sababu kila jina lina thamani yake, na kubadilisha `d` hakuigusi `t`. Programu ikiwa na orodha, na majina mawili yakawa yanaelekea kwenye orodha moja, safu mbili zitaonekana kama vitu viwili tofauti wakati kompyuta ina kimoja, na kubadilisha kupitia jina moja kutabadilisha lile jingine bila karatasi kujua. Hapo naacha safu na kuchora orodha yenyewe upande mmoja wa ukurasa, na kila jina nalivutia mshale. Programu hii haikuhitaji hivyo.

Marekebisho yaliyohitajika yalikuwa mistari miwili, iliyowekwa mwanzo kabisa kabla ya `t = 0`:

```python
    if len(s) != 15 or not s.isdecimal():
        return False
```

Niliyafuatilia nayo kwa karatasi, nikianza na `""`, kisha 0000, kisha namba yenye mkwaju. Zote zinaishia hapo juu na kurudisha `False`, na kitanzi hakiguswi. Sifuri kumi na tano bado zingepita, na nilimweleza mama mwenye duka hivyo, kwa kuwa mpokeaji mwenye haraka anaweza kuzibonyeza. Nilimweleza pia kwamba SAWA haimaanishi simu ni halali. Aliyetengeneza simu bandia anaweza kunakili namba ya simu ya kweli, na jumla itaishia na sifuri kama kawaida. Programu inaangalia kama namba imeandikwa sawasawa, na haina habari na kitu kingine.

Tulipoipitisha programu mpya juu ya faili la zamani, nafasi tupu zote zilihamia KAGUA, kama ilivyotarajiwa, lakini zilifuatana na namba chache ambazo kila mtu aliamini ni nzima. Mama alinigeuzia skrini na kuuliza, "Na hizi je, mwanangu? Hizi mbona tulizisoma kwenye simu wenyewe?" Zilikuwa na tarakimu kumi na nne, na zote zilianza na 1. Lahajedwali lilikuwa limezichukulia kuwa hesabu, na hesabu haina sifuri mbele, kwa hiyo IMEI zilizoanza na 01 zilipoteza ile sifuri siku zilipoandikwa. Programu ya zamani haikuwahi kulalamika kwa sababu ilianzia kulia, na sifuri iliyoko mwisho kabisa wa kushoto haina tarakimu nyingine baada yake ya kubadilishiwa zamu. Ikiwepo au isipokuwepo, `t` ni ile ile. Tuliibadilisha safu ya IMEI iwe ya maandishi kabla ya kuingiza simu za siku hiyo, na zile za zamani kijana wa dukani akazirudishia sifuri zake moja moja, kila moja akiilinganisha kwanza na simu ambayo bado ilikuwa kwenye droo.